Mbegu ya mahindi ipi ununue kwa mvua za vuli? Hesabu joto kabla ya kusoma siku

Pakiti ya mbegu huandikwa siku za kukomaa, lakini hindi halihesabu siku. Linahesabu joto. Aina inayokomaa kwa siku 90 kwenye bonde lenye joto inaweza kuhitaji karibu siku 120 kwenye vilima vya Machakos. Kwa hiyo kabla sijapanga chaguo la kwanza hadi la mwisho, tupige hesabu.

Kila siku chukua joto la juu kabisa na la chini kabisa, jumlisha, gawanya kwa mbili, kisha toa 10, kwa sababu chini ya nyuzi 10 hindi halikui kwa kiasi cha maana. Joto la juu likizidi 30, andika 30, maana ziada hiyo haimwongezei mmea mbio. Joto la chini likishuka chini ya 10, andika 10.

```
(26 + 14) / 2 - 10 = 10
(30 + 19) / 2 - 10 = 14.5   # 33 imeandikwa 30
```

Kwenye mstari wa pili joto la juu lilikuwa 33. Majibu ya kila siku yanaandikwa daftarini na kujumlishwa tangu kupanda, na jumla hiyo ndiyo limbikizo la joto. Kipimajoto kitundikwe kivulini, penye upepo, karibu mita moja na nusu kutoka ardhini. Ukikibandika kwenye ukuta wa mabati, hesabu yote itapanda uongo.

Tuchukue shamba la Machakos, mita 1,600 hivi, linalopata wastani wa nyuzi 10 za ukuaji kwa siku. Tumepanda tarehe 20 Oktoba, na mvua tunaitegemea hadi mwisho wa Desemba. Swali linaloamua ununuzi si lini hindi litakauka, bali lini litatoa ndevu. Wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya ndevu ndizo zinazoamua idadi ya punje. Ukame ukiingia hapo, mbelewele humwaga chavua huku ndevu zikichelewa, na unavuna magunzi yenye mapengo. Kwa makadirio, ndevu hutoka limbikizo linapofika nusu ya lile la kukomaa.

La kwanza: mbegu za muda mfupi, jamii ya Katumani. Tuseme pakiti inasema siku 90, zilizopimwa mahali penye nyuzi 13 kwa siku. Hiyo ni 1,170. Kwetu ni siku 117, na ndevu zitatoka siku ya 58 hivi, tarehe 17 Desemba. Wiki mbili zinazofuata bado zimo ndani ya mvua. Gunzi ni dogo kuliko la mbegu ndefu, lakini litajaa.

La pili: za muda wa kati, jamii ya H513. Siku 120 kwa nyuzi 13 ni 1,560, yaani siku 156 kwetu. Ndevu zitatoka karibu tarehe 6 Januari, mvua ikiwa imeshaondoka. Nunua tu kama una maji ya kumwagilia.

La mwisho: za nyanda za juu, jamii ya H614. Hapa ndipo wengi wanapotea. Tuseme imeandikwa siku 180, lakini zimepimwa kwenye baridi ya Trans Nzoia, kwa nyuzi 9 kwa siku: 1,620. Kwetu ni siku 162, ndevu tarehe 9 Januari. Kwenye pakiti ilionekana imezidi ile ya kati kwa miezi miwili, kumbe ni siku chache tu! Hata hivyo imechelewa zaidi, na vuli haiwezi kuilea. Muulize mwenye agroveti siku hizo zilipimwa ukanda gani. Asipojua, angalia mwinuko ulioandikwa kwenye pakiti.

Ukishanunua, daftari lile lile linapanga kazi. Mche huchomoza kwenye limbikizo la 65 hivi. Majani sita huwa yamefunguka karibu na 340, takriban siku ya 34 kwetu. Hesabu tu jani ambalo mstari mweupe wa shingo yake, pale linaposhika bua, umeonekana. Palizi iwe imekwisha kufikia hapo na mbolea ya CAN iwekwe udongo ukiwa na unyevu, kwa kuwa ncha ya ukuaji inatoka ardhini na mmea unaanza kurefuka kwa kasi.

Ndevu zikishatoka, punje hupita hatua ya maji, maziwa, uji mzito, kisha hubonyea kichwani. Zimekomaa ukizing'oa na kuona doa jeusi kwenye ncha iliyoshika gunzi. Wakati huo bado zina unyevu wa asilimia 30 au zaidi, kwa hiyo usiziweke ghalani mpaka zikauke hadi asilimia 13.

Hesabu hii haioni maji. Mmea wenye kiu huchelewa kutoa ndevu hata limbikizo likitimia, na daftari likisema 585, nusu ya 1,170 ya mbegu fupi, huku shambani hakuna ndevu, amini shamba.