Fayawoli ipi ununue kwa nyumba au ofisi ndogo

Mteja wangu mmoja, ofisi ya uhasibu yenye kompyuta 8, alinipigia simu akitaka "fayawoli kubwa". Nilipofika nikakuta tatizo ni mstari mmoja kwenye ruta: fundi aliyenitangulia alifungua poti 3389, namba ya mlango wa huduma ya Remote Desktop, ili bosi aingie kwenye kompyuta ya ofisi akiwa nyumbani. Ndani ya Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwenye kompyuta hiyo, tukio namba 4625, yaani mtu kajaribu kuingia akashindwa, lilijirudia usiku kucha kila baada ya sekunde chache. Tukafunga poti, likakoma. Siku ile hakununua kitu.

Kwa hiyo kabla ya bei, jua unataka kuzuia nini. Fayawoli husoma bahasha ya kila pakiti, yaani kila kipande cha data kinachopita: inatoka anwani gani, inakwenda wapi, kwa poti ipi, na je, ni jibu la mazungumzo aliyoyaanzisha mtu wa ndani au ni mgeni anayebisha hodi. Kwa habari hizo tu inaweza kumzuia mgeni wa nje, kukizuia kifaa cha ndani kisitoke, au kufunga huduma nzima, kwa mfano poti 25 ambayo kompyuta yenye virusi huitumia kumwaga barua taka. Barua iliyomo ndani ya bahasha ni habari nyingine. Kurasa nyingi siku hizi huja kwa HTTPS, zimefumbwa. Fayawoli ya kawaida huweza kuliona jina la tovuti, haioni ukurasa wala video unayoitazama.

1. Ile uliyonayo tayari (nyumba nyingi ziishie hapa)

Ruta uliyoletewa na kampuni ya intaneti huitupa pakiti ambayo hakuna aliyeiomba. Kazi yako ni kuziba matundu: zima UPnP, inayoruhusu vifaa vya ndani kufungua poti vyenyewe, kisha kwenye ukurasa wa Port Forwarding, orodha ya poti zilizofunguliwa kwa nje, futa kila kilichobaki usichokijua. Fayawoli ya Windows iache imewashwa, na ukiwa kwenye Wi-Fi ya mgahawa chagua aina ya mtandao Public. Kuzuia tovuti za ngono na za virusi, weka kwenye ruta DNS 1.1.1.3, seva ya kutafsiri majina ya tovuti inayokataa tovuti hizo. Kijana mjanja atabadilisha DNS kwenye simu yake na kukupita, hilo lijue mapema.

2. MikroTik hEX (chaguo langu kwa ofisi ndogo)

Ni kiboksi kidogo chenye poti 5 za kuchomeka kebo, hakina Wi-Fi, na hakihitaji leseni ya kila mwaka. Sababu ya kukinunua ni kwamba ruta nyingi za bure hazikupi nafasi ya kudhibiti kinachotoka. Chukua kamera ya usalama. Haina haja ya kuongea na seva za nje, lakini huongea. Ipe kwanza anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.88.50, halafu andika sheria hii kwenye Terminal ya hEX, WAN ikiwa ni upande wa intaneti:

```
/ip firewall filter
add chain=forward src-address=192.168.88.50 out-interface-list=WAN action=drop
```

Kisha izime kamera na kuiwasha tena, maana mazungumzo yaliyokwisha kuanza hupitishwa na sheria ya juu yake. Fungua Winbox, programu ya kusimamia vifaa vya MikroTik, utazame hesabu ya pakiti mbele ya sheria hiyo. Ikipanda, inafanya kazi. Ikibaki 0, umekosea anwani. Gharama yake ni kwamba kamera hutaiona tena kupitia programu ya simu ukiwa nje.

3. Kompyuta ndogo yenye OPNsense

OPNsense ni programu ya fayawoli ya bure, kompyuta iwe na poti mbili za kebo ya mtandao. Nzuri kama ofisini mna mtu anayependa kazi hii. Akihama, mtabaki na boksi ambalo hakuna anayethubutu kuligusa.

4. Fayawoli ya leseni, kama FortiGate

Hii inaweza kuifungua HTTPS na kusoma barua yenyewe, mradi uweke cheti chake kwenye kila kompyuta. Simu za wageni hazitakuwa nacho, na baadhi ya programu zitagoma. Leseni ikiisha, sheria za poti huendelea, ila orodha za virusi hazisasishwi tena, na kuchuja tovuti kwa makundi hukoma. Mwambie muuzaji akuandikie bei ya mwaka wa 2 na wa 3. Na kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa usiiamini. Tafuta ile ya ukaguzi wote ukiwa umewashwa, huwa ndogo kwa mbali. Kwa watu 8 naona ni mzigo.

Yule mhasibu alirudi baada ya wiki mbili, kwa sababu bosi bado alitaka kufanya kazi akiwa nyumbani. Akanunua hEX, tukasasisha RouterOS, mfumo unaoiendesha, hadi toleo la 7, tukaweka WireGuard, aina ya VPN, yaani njia iliyofumbwa ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi. Sasa bosi huingia kwa VPN kwanza, ndipo afike kwenye kompyuta yake, na 3389 imebaki imefungwa kwa nje.