Programu iliyokula alama zangu za kutoa

Hii programu ya simu ya kusafisha picha za ubao niliipa nyota tano mwanzoni. Nazirudisha.

Nasomesha hesabu za tusheni jioni hapa Wete. Wanaokosa kuja nawatumia picha ya ubao iliyoondolewa weupe wake, ukabaki wino mtupu, wakachapishe. Alama za kutoa naziandika kwa makapeni nyekundu ili wasizisahau. Juzijuzi niliandika -3x = 12, jibu x = -4. Programu ikavila vistari vyote viwili, ikabaki 3x = 12, x = 4. Sahihi kabisa! Nani angeshtuka? Kijana mmoja akaniletea daftari: "Ticha, mbona jibu langu limetofautiana na la wenzangu?" Nami nikambishia mbele za watu.

Nikawaandikia wenye programu. Jibu lao: "Piga picha vizuri." Basi, hata salamu hakuna.

Kwa hasira nikaifungua picha kwenye kompyuta nikapima mwenyewe. Mwangaza huhesabiwa kutoka 0, cheusi, hadi 255, cheupe. Ubao wa upande wa dirisha ulikuwa 240, kona ya mlangoni 120. Vistari vyangu, vilivyokuwa karibu na dirisha, 170. Sasa wao wanaweka mpaka mmoja kwa picha nzima, tuseme 150: kilicho juu ni ubao, kilicho chini ni wino. Kistari cha 170 kikafutwa kwa kudhaniwa ubao, na ubao wenyewe kule mlangoni ukawa doa jeusi. Kuupandisha mpaka ni kulikuza doa, kuushusha ni kupoteza wino zaidi.

Nikahamia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Nikanakili leya, ile ya juu nikaitia Gaussian Blur ya 80 hadi maandishi yakayeyuka na kubaki mwanga wa ubao tu, kisha Mode nikaweka Divide. Hapo kila nukta inagawanywa kwa mwanga wa pale pale ilipo. Mlangoni 120 kwa 120 ni 1, yaani nyeupe. Kistari, 170 kwa 240, ni kama 0.7, kwa hiyo kinaonekana. Nikaunganisha leya, nikamalizia na Color to Alpha kwenye nyeupe, weupe wote ukaondoka ukabaki wino. Vistari vikarudi, tena vyekundu. Na vivuli vya maandishi ya jana ambayo dasta haikuyafuta vizuri, navyo vikarudi.

Lakini haki niiseme. Kuna neno zima lililopigwa na mng'ao wa dirisha, pale picha ni 255 tupu, na GIMP nayo haikutoa kitu, maana wino haukuingia kwenye picha tangu mwanzo. Na makapeni yangu ilikuwa inakaribia kukauka. Kwa hiyo "piga picha vizuri" ina ukweli wake.

Nyota tatu, basi. Ila nikilikumbuka lile daftari la kijana, mbili.