Riwaya fupi za madogo wasiopenda kusoma: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Ukitaka kuwanunulia vitabu vijana wa miaka 13 hadi 17 ambao kusoma hawakutaki, jicho linaenda kwenye unene kwanza, kitabu chembamba basi ni chepesi. Hapo ndo wengi tunapigwa. Mimi nilishawahi kununua nakala 12 za kitabu kimoja cha kurasa 90 tu, jalada limejaa sifa, kumbe kurasa 15 za mwanzo ni mtu kakaa dirishani anatafakari maisha. Waliomaliza walikuwa wawili, na hao wangesoma hata karatasi ya maelekezo ya dawa.

Kwa hiyo kabla ya yote hesabu maneno, kurasa zitakudanganya. Fungua ukurasa wa katikati, hesabu maneno ya mstari mmoja, zidisha kwa idadi ya mistari, halafu zidisha kwa kurasa. Kitabu chenye maneno 10 kwa mstari, mistari 30, kurasa 96, hicho kina maneno kama 28,800. Dogo anayesoma taratibu, tuseme maneno 120 kwa dakika, atakaa nacho saa 4. Sasa chukua kingine cha kurasa 200 ila kila ukurasa una maneno 80 tu, jumla ni 16,000, saa 2 na dakika chache kamaliza. Kile kinene ndo kifupi, unaona?

Na urefu sio ugumu. Nagona ya Kezilahabi ni kijitabu chembamba kabisa lakini hata watu wazima kinawatoa jasho, maana hadithi haiendi mbele kwa njia ya kawaida, imejaa mafumbo. The Old Man and the Sea nayo maneno yake ni mepesi, ila sehemu kubwa ni mzee mmoja na samaki mmoja baharini, dogo asiye na subira anakiweka chini mapema tu. Vyote ni vitabu vizuri sana, sio vya kumwanzishia mtu anayekimbia vitabu.

Haya, sasa orodha yangu. Kipimo changu ni kimoja: je kitabu hichohicho kinaweza kushikwa na dogo anayesoma kwa shida na yule mkali wa darasa, bila yeyote kuona aibu? Maana kwenye kundi lenye viwango mchanganyiko aibu ndo inaua usomaji kabla hata ugumu wa maneno haujafika.

Namba moja naweka riwaya zilizoandikwa kwa mashairi huru. Najua neno shairi linawatisha watu, wanawaza vina na mizani, ila hizi hazina hayo, ni hadithi ya kawaida iliyokatwa mistari mifupi na nafasi nyeupe kibao. Anayesoma kwa shida anageuza kurasa haraka, kwa mara ya kwanza anajiona anaenda mbio, na mkononi ana kitabu kinene kama cha wenzake. Mkali naye hachoki kwa sababu mambo mengi yameachwa bila kusemwa, inabidi ayajaze mwenyewe. Mfano ni Long Way Down ya Jason Reynolds, ya 2017, Kiingereza: kijana wa miaka 15 kaingia kwenye lifti na bastola, anaenda kulipiza kisasi cha kaka yake, na safari nzima ya lifti ni sekunde 60, ila kitabu kina kurasa zaidi ya 300. Kina bunduki na vifo kwa hiyo usome mwenyewe kwanza kabla hujampa mtu. Tatizo la aina hii ni kwamba ziko chache, kwa Kiswahili ndo utatafuta sana.

Namba mbili ni vitabu vya lugha nyepesi ila mambo ya kikubwa kidogo. Mhusika ana miaka 16, ana matatizo ya miaka 16, lakini sentensi ni fupi na maneno ni ya kila siku. Angalia vitu viwili kabla hujalipa. Umri wa mhusika, kwa sababu dogo wa miaka 15 hataki habari za mtoto wa miaka 10, na jalada, kama limeandikwa kokote kwamba ni la wasomaji dhaifu au la ngazi fulani kirudishe, hakuna atakayekigusa mbele za watu. Nimekiweka cha pili kwa sababu mkali wa kusoma anakimaliza fasta na hakuna cha kurudia.

Namba tatu upelelezi wa sura fupifupi, kurasa 4 au 5 kwa sura, kila sura ikiishia pale unapotaka kujua kinachofuata. Hapa ugumu unatoka kwenye majina. Kama kurasa 10 za mwanzo zina watu zaidi ya 5, msomaji wa taratibu atachanganya nani ni nani, na upelelezi ukishachanganya watu umeisha.

Riwaya za picha naziweka namba nne, sio kwa dharau, ni kwamba wengine wanaangalia picha tu nusu saa wamemaliza, hela imekwenda. Nunua moja mbili za kuvutia watu mezani.

Mwisho kabisa ni vile vitabu vikubwa vilivyofupishwa. Watu wanavipenda ila angalia wanavyovikata, sentensi zinakuwa fupi kweli lakini maneno kama "kwa sababu", "ingawa", "ndiyo maana" yamefyekwa, kwa hiyo msomaji anabaki kuunganisha mwenyewe nini kimesababisha nini, na hilo ndo jambo gumu zaidi kwake.

Sasa kununua kwenyewe. Tuseme una vijana 12, wanne wanasoma kwa shida, sita wa kawaida, wawili wakali, na hela inatosha vitabu 15. Usimalize hela siku ya kwanza. Nunua 8 tofauti, nakala moja moja: viwili vya mashairi huru, vitatu vya lugha nyepesi, viwili vya upelelezi, kimoja cha picha. Vipange mezani, kwa zamu kila mtu aonje kitabu kwa dakika 10 kisha abadilishe, wakishapita kama vinne waandike kwenye karatasi viwili wanavyotaka kuendelea navyo, bila jina. Wakati wa kuonja, anayesoma kwa shida akunje kidole kila akikutana na neno asilolijua kwenye kipande cha maneno kama 100. Kidole kimoja au viwili poa, vikifika vitano hicho bado sio chake hata kama kakipenda jalada.

Baadaye ndo unanunua 7 vilivyobaki, zote ni nakala za ziada za vilivyoshinda. Kilichopata kura nyingi zaidi ongeza 4, kinachofuata ongeza 3. Hapo una kitabu chenye nakala 5 na kingine chenye 4, yaani watu wa viwango tofauti wanasoma kitu kimoja na wanaweza kubishana, watatu waliobaki wanachagua kwenye vile sita vya nakala moja.

Dogo akifika ukurasa wa 30 bado hajui mhusika anataka nini, mbadilishie, usimlazimishe. Kile alichokiacha usikitupe ila, mpe mmoja wa wale wawili wakali, mara nyingi ndo alikuwa anakivizia.