Kukariri karata 52 kwa kasri la kumbukumbu: uzoefu wangu

Kasri la kumbukumbu ni nyumba unayoijua vizuri, ambayo unaweka picha za akilini kwenye vituo vyake kwa mpangilio. Nimeitumia njia hii muda wa kutosha kusema kwamba inafanya kazi, lakini gharama yake iko mwanzoni. Kila karata unaipa mtu, kitendo na kitu vyake, kwa hiyo picha 156 lazima zikae kichwani kabla hujagusa karata zilizochangwa. Hapo ndipo wengi huachia njiani.

Kwangu, mfalme wa shupaza ni bibi yangu anayetwanga kwa kinu. Saba ya uru ni Kipchoge anayekimbia na viatu vyake vyenye soli nene. Ree ya kopa ni muuza kahawa anayemimina kutoka kwenye birika. Karata tatu zikitoka kwa mpangilio huo, nachukua mtu wa kwanza, kitendo cha pili na kitu cha tatu: bibi anakimbia amebeba birika. Namweka langoni mwa nyumba niliyokulia. Tatu zinazofuata zinakwenda barazani, kisha mlangoni, kisha ukumbini, kwa njia ileile ninayoingilia nyumbani siku zote. Vituo 17 vinabeba karata 51, na ya mwisho inasimama peke yake kwenye kituo cha 18.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi mpangilio unavyojilinda. Mfalme na ree wakibadilishana nafasi, picha inakuwa muuza kahawa anayekimbia na kinu. Huwezi kuzichanganya hizo mbili.

Udhaifu wake uko kwenye vitendo. Kutwanga, kugonga na kupigilia msumari vikiwa pamoja kwenye orodha yako, vitakuponza. Dalili yake ni kwamba unamwona mtu na kitu vizuri, ila karata ya katikati ya kituo inakupotea. Dawa ni kukibadilisha kitendo kimoja kabisa, si kukirudia kwa bidii zaidi. Tatizo la pili ni mabaki: ukiitumia nyumba ileile mara mbili kwa siku moja, picha za asubuhi bado zimekaa barazani. Nina nyumba kadhaa ninazozizungusha, pamoja na shule niliyosoma.

Kwenye mashindano una dakika zisizozidi 5 za kukariri, kisha unapewa jozi nyingine uipange vilevile, na alama zinahesabiwa hadi kosa la kwanza tu. Kwa hiyo napendekeza uvipitie tena vituo vitatu vya mwanzo kabla ya kusimamisha saa, maana kosa pale langoni linafuta kazi yote inayofuata.

Njia hii haijanisaidia kukumbuka sura wala nilipoweka funguo. Inafaa vitu vyenye mpangilio. Kama hushindani, tumia picha moja kwa kila karata na uziweke mbilimbili kwenye vituo 26. Utakwenda polepole zaidi, ila utajifunza picha 52 badala ya 156.