Uzoefu wangu na karatasi za kufyonza mafuta usoni: paji na pua havingʼai tena na uso unabaki na shepu yake

Nimetumia hizi karatasi msimu mzima wa joto hapa Dar, yaani lile joto la Januari na Februari ambalo ukitoka tu bafuni unaanza kutoka jasho, na ngozi yangu ni ya mafuta hasa paji na pua, mashavu yako kawaida tu. Nilinunua Kariakoo pakiti ya karatasi mia, ni zile nyembamba za buluu hazina poda wala harufu.

Sasa watu wengi mafuta yakitokea wanakimbilia poda, hapo ndo uso unapoharibika. Poda ikikuta mafuta inalowa, inagandana, inajikusanya pembeni ya pua na kwenye mistari ya paji, alafu baada ya muda mfupi mafuta yanatoka tena juu yake unaongeza nyingine, mpaka usiku uso mzima una rangi moja ya kijivujivu. Sisi wenye ngozi nyeusi uso wetu unasomeka zaidi kwa pale mwanga unapogonga kuliko kwa kivuli, mgongo wa pua, juu ya mfupa wa shavu, kidogo juu ya mdomo, kwahiyo ukiziba mngʼao wote umefuta na pua na mashavu. Kinachotakiwa kuondoka ni ule mngʼao wa katikati ya paji na mabawa ya pua basi.

Ninavyofanya mimi, nachukua karatasi moja nabandika katikati ya paji nabonyeza kwa kidole kama sekunde tano hivi, SISUGUI, maana ukisugua unahamisha foundesheni. Naikunja upande msafi naenda kwenye mabawa ya pua na ile mikunjo yake, alafu ncha ya pua. Mgongo wa pua na mashavu siyagusi kabisa. Baada ya hapo najiangalia kwenye kioo nikiwa nimegeukia dirishani, na mara nyingi nikifika hapo sihitaji hata poda.

Kama ni shughuli yenye picha ndo naongeza poda, na ni kidogo sana, nachovya brashi ndogo ile ya kivuli cha macho, nakungʼuta kwanza, nabonyeza palepale karatasi ilipopita tu. Kabla ya sendofu ya binamu yangu nilijaribu nyumbani, paji upande wa kushoto nikafyonza kwanza ndo nikaweka poda, upande wa kulia nikaweka poda moja kwa moja juu ya mafuta, nikakaa sebuleni bila feni mpaka jioni. Kulia ilikuwa imeshapasukapasuka na inangʼaa kwenye nyufa, kushoto ilikuwa inaanza tu kungʼaa kwa mbali na karatasi moja ikaimaliza. Na poda yenyewe ipige picha na flashi kabla ya siku, zile nyeupe za silika kwenye kioo zinaonekana hazina rangi ila flashi ikiwaka paji linatoka jeupe kwenye picha, kwahiyo mi natumia yenye rangi ya ngozi yangu.

Kitu kingine muhimu kwa hapa kwetu, jua unachofyonza. Karatasi ikigusa mafuta inakuwa angavu unaona kidole upande wa pili na inabaki hivyohivyo hata ukiiacha mezani. Ikigusa jasho inalowa na kujikunja, alafu ikikauka ule uangavu unaondoka. Nikishuka kwenye daladala ya mchana mara nyingi ni jasho, hapo karatasi hizi ni hasara tu, nabonyeza tishu kavu, nasubiri nipoe kivulini, ndo naangalia kama kuna mafuta. Poda juu ya jasho usijaribu, inatengeneza madoa.

Lawama zangu, kwanza hazizuii mafuta kutoka, zinaondoa yaliyopo tu, kwenye joto lile baada ya masaa mawili matatu unarudia. Pili ukibonyeza sana kwenye foundesheni nzito inatoka nayo, utaiona kwenye karatasi ina rangi ya kahawia, ukiona hivyo punguza mkono. Tatu kuna pakiti zinafanana kabisa na hizi ila upande mmoja una poda, dada mmoja wa ofisini alikuwa nazo zikamwacha na paji lenye ukungu mweupe, kwahiyo kabla hujalipa omba ufunguliwe moja uipitishe nyuma ya mkono wako, ikiacha vumbi jeupe iache hapohapo dukani.