ELISA au flosaitometri: kwenye VVU kila kimoja kinakuonyesha nini

Watu wanachanganya sana hivi vipimo. ELISA haigusi seli kabisa, inatafuta kingamwili kwenye seramu. Sahani ina vishimo 96 vilivyopakwa protini za kirusi, unaweka seramu, kingamwili kama zipo zinanasa, unaosha, unaweka kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, unaosha tena, halafu dawa ya rangi, na rangi ikikolea ndo kingamwili nyingi. Ukiosha vibaya hata kishimo cha hasi kinapata rangi, ndo maana kontroli ya hasi unaiangalia kwanza.

Flosaitometri sasa inahesabu seli zenyewe, hapa seli T za kinga zenye alama ya CD4 ambazo VVU inazishambulia, zinapita mojamoja mbele ya leza zikiwa na kingamwili zinazong'aa. Alama ya CD4 peke yake haitoshi, monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zinayo kidogo, so unadai CD3, alama ya seli T, na CD4 kwa pamoja. Damu lazima iwe nzima na fresh, ikiganda imeisha hiyo.

Chukua mtoto wa miezi 6, mama ana VVU: ELISA inaweza kusoma chanya kwa kingamwili za mama tu, na hesabu ya CD4 nayo haithibitishi maambukizi, inaonyesha kinga imeshuka kiasi gani. Huyo apimwe PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.