PS4 ama leptopu ya gemu na elfu 50 mkononi, uzoefu wangu hapa Mombasa

Washkaji wengi wananiuliza kwa nini sikuchukua PS4 na mimi ni mtu wa mpira kabisa, haya wacha niwaelezee hesabu n'lofanya. Nasoma uinjinia, nakaa rumu ya kupanga huku Tudor, bajeti elfu 50 na TV sina.

Hapo kwa TV ndo mambo huanza kuharibika. PS4 Slim ya mtumba n'liipata elfu 25 na padi mbili, ukiitazama waona bei poa, lakini TV ya mtumba ya inchi 24 ni kama elfu 9, ishafika 34 hiyo. Na AutoCAD haifunguki kwa PS4 bana, so bado wahitaji leptopu ya shule, na hizi za i5 zilotumika Ulaya mimi n'likuwa naambiwa elfu 18 kwenda juu, yaani ushapita 50 na hujanunua hata diski moja, halafu leptopu yenyewe haina kadi ya grafiki ukichora 3D inakwamakwama. Lakini kama kwenu TV ipo na leptopu ya shule unayo, chukua PS4, usijisumbue. Diski za mtumba unacheza ukichoka unauza ama mnabadilishana na mwenzio, kwa leptopu hiyo hakuna, gemu unashusha mwenyewe na GTA V pekee inakula zaidi ya GB 70, bila waifai ya bure utalia. Ila kwa PS4 kucheza onlaini gemu nyingi za kununua zataka ulipie PS Plus, zile za bure kama Fortnite ndo hazidai, na kwa kompyuta hakuna ada kama hiyo.

Basi nikaenda maduka ya upande wa Digo Road kutafuta leptopu. Nilotaka ni i5 ya jenereshen ya 8 kwenda juu, kwa sababu zile za 7 kama i5-7300HQ hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilikatiwa sapoti Oktoba 2025. Duka la kwanza nikaonyeshwa moja ina kibodi ya taa nyekundu, imeng'aa, ati "ya gemu hiyo". Nikafungua Task Manager, nikaingia Performance, GPU ni moja tu, Intel UHD. Taa si kadi ya grafiki wallahi. Yenye kadi kweli utaona GPU 0 na GPU 1, na hiyo ya pili iandikwe NVIDIA ama AMD.

Duka lingine ndo nikapata i5-8300H, GTX 1050 Ti ya GB 4, ramu GB 8, SSD 256, elfu 46. Kabla ya kutoa pesa nikafungua Command Prompt nikaandika:

```
powercfg /batteryreport
```

Inakutolea faili, humo linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Yangu ilikuwa imebaki kama nusu, nikaitumia hiyo kushusha bei hadi 43. Betri haikunitisha sana kwa sababu gemu nzito utacheza kwa chaja tu, ukichomoa kadi inapunguziwa nguvu na picha zinaanza kurukaruka. Kitu cha kukagua zaidi ni chaja, iwe na volti na ampea zilizoandikwa chini ya mashine, chaja dhaifu betri inashuka huku umechomeka.

Halafu jaribu joto, na hili wauzaji hawalipendi. Weka kwa flashi HWiNFO ya kuonyesha joto na FurMark ya kuichosha kadi, washa zote, ngoja kama robo saa. Dakika za mwanzo kila mashine ni nzuri, wewe angalia baadaye: kadi ikikaa kwenye digrii sabini na kitu hadi themanini na kasi yake ya MHz haianguki, sawa. Joto likipanda halafu kasi ikashuka ghafla, ama feni inakwaruza, vumbi limejaa ama pesti ya kupitisha joto imekauka.

Yangu ilipita dukani penye eisii, lakini rumuni kwangu Machi, dirisha wazi na upepo wenyewe wa moto, prosesa ilifika 95 na gemu ya mpira ikaanza kukwama kipindi cha pili. Fundi akaifungua, akatoa vumbi na kubadilisha pesti, elfu moja na mia tano. Pia gemu n'liifunga ifanye fremu 60 tu kwa sekunde, mwanzo mashine ilikuwa inajichosha bure, na nyuma nimeiinua kwa vifuniko viwili vya chupa ipate hewa. Sasa haivuki 85.

Stima ikipotea gemu ndo basi, lakini asainmenti naendelea nayo saa moja na kitu hivi. Ilobaki kwa bajeti imeenda kwa padi ya USB, ramu ya pili nasubiri HELB.